Kikao kimeamua kwa "wote wanatumia" na "tumekunywa tangu zamani". Ushahidi wa kweli ungekuwa upi?

katibu_kisima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya watumiaji wa kisima cha pamoja. Juzi tulikaa kikao chenye ajenda mbili: kisima kianze kutiwa klorini au la, na kama fedha za kikundi zinunue machujio ya maji ya nyumbani kutoka kwa kampuni iliyokuja kutuonyesha bidhaa yake.

Kwenye klorini alisimama mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana. Akasema, "Kisima hiki kilichimbwa kabla sijaoa. Wazazi wetu wamekunywa, sisi tumekunywa, watoto wanakunywa. Nani amekufa?" Ukumbi mzima ukaitikia. Mikono ikainuliwa, klorini ikakataliwa.

Kwenye machujio muuzaji akagawa vipeperushi vilivyoandikwa "Familia 9 kati ya 10 zinalipendekeza", akaongeza kwamba vitongoji vyote vya jirani vimeshanunua, tumebaki sisi. Mikono ikainuliwa tena, machujio yakakubaliwa. Yaani ndani ya saa moja tumesema maji hayana tatizo, kisha tukakubali kununua dawa ya tatizo hilohilo, na hakuna aliyeshtuka.

Nimeandika muhtasari huku moyo ukiniuma. Mzee sitaki kumvunjia heshima, na wanachama wenzangu siwezi kuwaita wajinga. Tumekubaliana kurudi baada ya wiki tatu kabla fedha hazijatoka. Naomba mnisaidie: kama "wengi" haitoshi na "tangu zamani" haitoshi, nilete nini mezani ambacho kweli kinahusiana na swali?

Fundi_Bomba

Katibu, chukua lile chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa udongo ndani. Ndilo lililoenea, vipuri vyake havisumbui na kila fundi analijua. Hayo ya kisasa yenye nyuzinyuzi yakiziba unabaki unaliangalia tu.

katibu_kisima

Ahsante fundi, ila sijaulizia aina ya kununua. Nauliza tutajuaje kama tunahitaji kununua.

Nondo_ya_Hoja

Hapa hakuna mjadala. "Wengi wanafanya" ni hoja mfu na "wazee walifanya" ni hoja mfu. Zote mbili ni makosa ya kufikiri yanayojulikana miaka mingi. Ukiona mtu anataja idadi ya watu au umri wa desturi, futa sentensi nzima uendelee. Maji yaende maabara, wazee wakae pembeni, kura isipigwe kabisa. Ukweli haupigiwi kura.

chupa_ya_sampuli

Katibu, nimefanya kazi ya kupima maji miaka kadhaa. Nondo yuko sawa kwamba kilichomo ndani ya maji hakiamuliwi kwa mikono. Lakini akifuta sentensi nzima ya mzee atatupa na vitu ambavyo mimi mwenyewe ningelipa kuvijua kabla ya kuchukua sampuli.

Kuna swali moja ninalolitumia kila mtu anaponiambia "sote tunajua" au "tangu zamani". Najiuliza: kama dai hili lingekuwa si kweli, hawa wanaolisema wangegundua? Kama wangegundua, basi wingi wao au miaka yao ina uzito. Kama wasingegundua, hata wawe elfu kumi kwa miaka mia, bado hatujaongeza kitu.

Mchukue huyo mzee wenu. Akisema "kisima hiki hakijawahi kukauka hata kwenye kiangazi kikali", mwamini. Kingekauka angerudi na ndoo tupu, na kijiji kizima kingekumbuka mwaka huo. Akisema "maji haya yakinyeshewa hubadilika rangi siku mbili", andika haraka sana, maana anakwambia kwamba maji ya juu ya ardhi yanapata njia ya kuingia kisimani bila kuchujwa na udongo. Lakini akisema "hakuna aliyekufa kwa maji haya", angejuaje? Mtoto akiharisha, jambo hilo lina sababu ishirini. Mtoto aliyefariki miaka thelathini iliyopita aliandikwa kuwa na homa, au hakuandikwa popote. Na wale ambao maji yaliwadhuru zaidi hawakuwepo ukumbini kuinua mkono. Wanaosema "sisi mbona wazima" ni waliobaki.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ni Bangladeshi. Kuanzia miaka ya 1970 watu walihamasishwa kuacha maji ya madimbwi na kutumia visima vya bomba, kwa sababu maji ya juu yalikuwa yanaleta magonjwa ya kuhara. Visima vikachimbwa kwa mamilioni. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu, kila jirani anayo. Mwaka 1993 ndipo aseniki, ambayo ni sumu, ilipothibitishwa kwenye visima vya huko. Aseniki haina ladha wala harufu, na madoa ya ngozi huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo mamilioni ya watumiaji walioridhika hawakuwa na njia yoyote ya kugundua. Wingi wao haukuwa ushahidi kwa sababu hiyo tu. Na angalia ugumu wake: maji hayo yalikuwa yamepewa sifa nzuri kwa kigezo cha vijidudu. Hakuna aliyekuwa amepima aseniki. Walipopima, bomba zikapakwa rangi, nyekundu kwa kisima kilichozidi mikrogramu 50 kwa lita, kijani kwa kilicho chini, na nyumba mbili zinazopakana ziliweza kuwa na rangi tofauti. Tena visima vya zamani vya kuchimbwa kwa mikono, vile vilivyodharauliwa, mara nyingi vilikuwa na aseniki kidogo, ingawa vijidudu vyake vilikuwa tatizo lingine. Kwa hiyo si "cha zamani" wala "cha wengi" kilichokuwa salama. Ilibidi kila bomba lipimwe.

mama_pacha

Naomba niseme la kwangu kwa sababu nadhani mimi ni mmoja wa hao "9 kati ya 10".

Nilipewa chujio la mshumaa wa udongo na mradi fulani, bure. Wiki ya pili wakaja vijana wawili wenye fomu. Chujio liko mezani, jipya, limefunikwa kitambaa, wao wenyewe ndio walioleta. Wakaniuliza, "Mama, ungelipendekeza kwa jirani?" Nikasema ndiyo, tena kwa moyo. Ningesemaje tofauti?

Mwezi wa nne likaanza kutoa maji haraka. Mwanzoni lilikuwa linadondosha taratibu, ndoo inajaa usiku kucha, sasa ndoo ilikuwa inajaa nikiwa bado napika. Nikafurahi, nikamwambia dada yangu limezoea. Wanangu wawili wakaharisha wiki nzima. Mtu wa afya alipokuja akafungua, akatoa mshumaa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kuanzia kitako hadi katikati. Maji yalikuwa yanapita kwenye ufa. Ile kasi niliyoisifia ndiyo ilikuwa dalili ya ubovu. Hakuna aliyerudi na fomu mwezi wa nne.

chupa_ya_sampuli

Pole sana mama. Ulichokieleza kinapaswa kusomwa kwenye kikao cha katibu neno kwa neno. Chujio likianza kwenda kasi bila kusuguliwa wala kubadilishwa mshumaa, acha kunywa ukague ufa na mpira wa kitako.

chaki_nyeupe

Mimi hufundisha namna ya kusoma hoja. Alichosema mama_pacha ni mlango mzuri wa kukifungua kile kipeperushi.

Kuna kesi ya hadharani. Colgate walitangaza Uingereza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza dawa yao ya mswaki. Mwaka 2007 mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo huko ikaamua tangazo hilo linapotosha. Utafiti ulikuwa umefanyika kweli, madaktari walipigiwa simu kweli. Ila daktari aliruhusiwa kutaja zaidi ya dawa moja. Msomaji wa bango anaelewa kwamba madaktari 80 katika 100 wameichagua hiyo na kuziacha nyingine, kumbe daktari yuleyule angeweza kuwa amezitaja tatu. Asilimia haikuwa ya uongo. Swali lililoizaa ndilo lilifichwa.

Sasa kipeperushi chenu. Tuseme familia 40 zilinunua, na baada ya mwaka 20 zimeliweka stoo kwa sababu limepasuka au linachosha kusafisha. Mtafiti wa kampuni anakwenda kwa wanaolitumia, yaani 20 zilizobaki. Kati ya hizo 18 zinasema zinalipendekeza. Hapo "familia 9 kati ya 10" ni kweli tupu. Lakini ukirudi kwa wote walionunua, ni 18 kati ya 40, hawafiki hata nusu. Kwa hiyo usimwambie muuzaji kwamba anadanganya. Muulize: mliuliza familia ngapi, mlizipataje, walioacha kulitumia walihesabiwa, swali lilisomekaje, na lilikuwa limekaa nyumbani muda gani?

Kisha, hata akijibu vizuri yote hayo, bado amejibu kwamba watu wamelipenda. Mtu anaweza kulipenda chujio kwa ladha, kwa ubaridi wa maji, kwa umbo lake mezani. Kama linaondoa vijidudu, hilo halionekani kwa macho ya aliyelipenda. Turudi kwenye swali la chupa_ya_sampuli: lingekuwa haliondoi, wangegundua?

Fundi_Bomba

Basi niliposema limeenea nimekosea?

chaki_nyeupe

Hapana fundi. Uliunganisha mambo mawili. "Limeenea, kwa hiyo linasafisha" haifuati. "Limeenea, kwa hiyo vipuri vinapatikana na mafundi wanalijua" inafuata, kwa sababu hapo kuenea kwenyewe ndiko kunakoleta faida. Duka haliweki mishumaa ya chujio ambalo hakuna mtu analo. Katibu aiandike hoja yako, ila kwenye safu ya matengenezo, si safu ya usalama.

Nondo_ya_Hoja

Nimeelewa, lakini naona mnaanza kuwapa wengi nafasi kupitia mlango wa nyuma. Kama maabara ikisema maji yana kinyesi, tiwa klorini, basi. Kuwauliza watu ni kupoteza muda.

chupa_ya_sampuli

Nondo, hapo ndipo nimeona miradi ikifa. Klorini hufanya kazi ikibaki kidogo ndani ya maji, kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na baada ya kukaa nusu saa hivi. Kiasi hicho baadhi ya watu wanakisikia mdomoni. Kama nyumba nyingi hazivumilii harufu hiyo, zitaenda kuchota kwingine, labda pabaya zaidi. Kwa hiyo idadi ya wanaokataa ladha ni jambo la kupima kama linavyopimwa lingine, kwa sababu swali ni "je, watakunywa?" na wao ndio mashahidi wenyewe. Vivyo hivyo saa za kufungua kisima, nani ashike ufunguo, fedha zitumike wapi kwanza. Hayo ni mambo ya wanachama wanataka nini, na kura ndiyo njia yake. Kosa la kikao chenu ni kupiga kura juu ya kilichomo ndani ya maji.

Nondo_ya_Hoja

Na mtoto wa miaka miwili asiye na mkono wa kuinua? Wakubwa wenye matumbo yaliyozoea wakataze klorini kwa sababu ya harufu, kisha yeye ndiye aharishe?

chupa_ya_sampuli

Hilo sina jibu lake kamili. Sampuli itakwambia hatari iko kiasi gani. Haitakwambia nani ana haki ya kuikubali kwa niaba ya mwingine.

chaki_nyeupe

Katibu, neno moja kuhusu ile mikono. Miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi una urefu sawa na mwingine, jambo la wazi kabisa. Waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa kujibu vibaya kwa pamoja. Takriban watu watatu katika wanne walifuata jibu baya angalau mara moja. Lakini alipokuwepo mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yao, kufuata kulipungua sana. Kwenye ukumbi wenu mzee alisema kwanza, kisha mikono. Mikono arobaini iliyofuata sauti moja inaweza kuwa ushahidi wa sauti moja. Siku ya kurudi, gawa karatasi kabla mtu yeyote hajazungumza, kila nyumba iandike jibu lake.

katibu_kisima

Wakuu, nimefanyia kazi. Nimemwendea mzee nyumbani jioni, nikampa shikamoo, na sikumwambia kwamba alikosea. Nilimwomba anisimulie kisima kilipochimbwa palikuwaje.

Akatoka nje na mimi, akasimama ukingoni, akanyoosha fimbo upande wa mwinuko. Akasema pale pote palikuwa pori. Aliyechimba aliweka sharti kwamba upande ule hakuna choo wala zizi, maana maji yanateremka kutoka huko. Nikamuuliza sharti liliisha lini. Akanyamaza kidogo, akasema halikuondolewa na mtu, wenye kulikumbuka ndio walioisha. Tulihesabu hatua pamoja. Choo cha karibu kiko hatua 18 kutoka kisimani, upande uleule aliounyooshea fimbo. Akahesabu mara ya pili peke yake.

Pia amethibitisha: mvua kubwa ikinyesha, maji huja na rangi ya chai ya maziwa kwa siku mbili. Wote tunajua. Hakuna aliyelisema kikaoni.

chupa_ya_sampuli

Katibu, hiyo ni zaidi ya nilivyotarajia. Sharti la kale lilikuwa na sababu na mazoea ya kunywa yaliegemea juu yake. Sharti limeanguka, mazoea yamebaki. Kwa hiyo hata kama maji yalikuwa salama kweli enzi hizo, miaka hiyo inashuhudia kisima kisichokuwa na choo karibu. Hiki cha leo hakijashuhudiwa bado.

Ila usikimbilie kuhukumu kwa hatua 18. Mita 30 hutajwa sana kama umbali wa tahadhari, lakini inategemea udongo, mteremko na kina cha maji. Kuna mwamba wenye nyufa unaopitisha uchafu mbali zaidi ya hapo, na kuna udongo unaouzuia kabla. Umbali ni sababu ya kupima.

Ukipima: chupa iliyotakaswa kutoka maabara, usiguse mdomo wake, iweke kwenye kasha la barafu, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Unachotaka kuona ni bakteria wa kinyesi kwenye mililita 100, na kinachotakiwa ni sifuri. Omba pia wapime aseniki, naitreti na floraidi hata mara moja, maana hizo klorini haiziondoi na mshumaa wa udongo hauzizuii. Kwa machujio, mwambie muuzaji alete mawili yaliyotumika miezi sita kwenye nyumba za watu, tupime maji ya kisima hicho kabla na baada ya kupita. Akikataa, huo nao ni ujumbe.

mama_pacha

Na muulizeni kila nyumba kama kuna mtoto aliyepata choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, ndani ya wiki mbili zilizopita. Kwa karatasi, si kwa mikono. Mama hatasimama mbele ya ukumbi kusema wanawe wanaharisha, anaona kama anaambiwa mchafu.

chaki_nyeupe

Sahihi kabisa. Na waulizeni pia wanaochota kwingine. Kujua kwamba watoto sita wa kisimani wameharisha hakusemi kitu mpaka ujue wa upande mwingine wangapi, na kati ya nyumba ngapi. Hata hapo, kwa nyumba chache kama zenu tofauti inaweza kuwa ya bahati. Isomwe pamoja na sampuli, isisimame peke yake.

katibu_kisima

Sampuli ya kwanza ni Jumanne. Mvua bado. Ikirudi sifuri niwaambie nini ukumbini?

chupa_ya_sampuli

Waambie sifuri ya Jumanne, siku kavu. Kisha chukua nyingine ndani ya zile siku mbili za rangi ya chai. Kama kuna njia ya uchafu kuingia, ndipo itakapoonekana. Usikubali "tumeshapima" igeuke kuwa "tangu zamani" mpya.

Nondo_ya_Hoja

Mimi bado nasema ikirudi na kinyesi kura ya klorini isirudiwe. Lakini nilisema wazee wakae pembeni, na hilo nalifuta. Zile hatua 18 nisingezipata mahali popote.

katibu_kisima

Hilo la kura tutalibishania kikaoni, na hata kamati imegawanyika. Jumanne tunaondoka alfajiri. Mzee amesema kasha la barafu atalibeba yeye.